Mapambazuko Mawili ya Mwalimu Mathias

Ripoti ilifika kwa barua pepe siku ya Jumatatu. Sia Massawe aliisoma mara mbili kabla ya chai ya saa nne, na mara zote mbili alikwama katika ukurasa wa sita.

Alikuwa ofisa wanyamapori wa halmashauri, amehamia Masasi mwaka uliopita kutoka Moshi, na pembeni ya kazi yake alikuwa akisoma shahada ya pili. Msimamizi wake chuoni, Dokta Claudia, alimpa kazi ambayo watu wengi huidharau mpaka waifanye: mapitio. Alitakiwa kukusanya tafiti zote zilizowahi kuandikwa kuhusu jinsi taa za usiku na kelele za mjini zinavyobadili tabia za ndege, popo na wanyama wengine wanaoishi na watu, kuzipima moja moja, na kusema kwa pamoja zinaonyesha nini. Alishapitia mia mbili na kitu. Karibu zote zilitoka Ulaya na Marekani. Kwa miji midogo ya Afrika zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na kwa ukanda wa kusini mwa Tanzania hakuwa na hata moja.

Ndipo ikaja hii. Mwandishi alikuwa Mathias Nampoto, mwalimu mstaafu wa baiolojia anayeishi Newala. Siku arobaini na moja mfululizo, mwezi wa tatu na wa nne wa mwaka juzi, aliandika dakika ambayo shore wa kwanza alianza kuimba alfajiri. Shore ni yule ndege mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia, anayejazana kwenye miti ya mjini mpaka watu hawamwoni tena. Mwalimu alipima sehemu mbili: stendi ya mabasi ya Masasi, chini ya taa za barabarani, na shamba la mikorosho huko Chiwata, kwenye giza na ukimya. Jibu lake lilikuwa zuri. Shore wa Chiwata walianza saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Wa stendi, saa kumi na moja na dakika ishirini. Nusu saa nzima mapema. Chanzo, aliandika, ni mwanga wa taa.

Sia aliitaka ripoti hiyo iwe ya kweli, na kwa sababu aliitaka, akaiogopa.

"Dokta, ukurasa wa sita," alisema kwenye simu. "Mpimaji ni mmoja, yeye mwenyewe. Na tarehe za Masasi na za Chiwata ni zilezile."

Dokta Claudia akauliza: "Alfajiri ileile?"

"Zote arobaini na moja. Shore haimbi mara ya kwanza mara mbili. Mtu hawezi kuwa stendi na shambani kwa wakati mmoja."

"Kuna kingine?"

"Kwenye jedwali la stendi, dakika ileile ya ishirini imejirudia siku tisa. Ndege si saa ya ukutani. Siku zenye mawingu wanachelewa, siku za mbalamwezi wanawahi. Tisa ni nyingi."

"Ana maslahi gani?"

Sia alikuwa ameshauliza hilo ofisini. Mwalimu Mathias aliongoza kikundi kidogo cha mazingira Newala, na mwaka ule wa vipimo walikuwa wameandika barua mbili kupinga taa mpya zilizopangwa kuwekwa kule. Mtu anayepigana na taa, analeta ripoti inayolaumu taa.

"Basi iweke pembeni," alisema Dokta Claudia. "Lakini usimhukumu mtu kwa simu. Nenda kamwone."

*

Ijumaa alipanda gari la asubuhi kwenda Newala. Barabara ilipoanza kupanda mlima hewa ikabadilika, abiria wakafunga vioo, na miamba ya Masasi ikabaki chini nyuma yao kama magunia yaliyosahaulika uwanjani.

Mwalimu Mathias alikuwa mtu mrefu, mkavu, shati limepigwa pasi mpaka mikono. Alimpokea barazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu, mwanangu. Mgeni kutoka Masasi hanywi maji tu." Akamwita mkewe alete chai. Alizungumza kwa furaha ya mtu aliyengoja miaka miwili asomwe. Alieleza kuhusu popo: kwamba baadhi yao, wanaoruka kasi mahali pa wazi, huja kwenye taa kula wadudu waliovutwa na mwanga, ilhali wengine, wanaoruka polepole kati ya matawi, hukimbia mwanga kabisa. "Kwa hiyo mtu akikwambia taa zimeongeza popo, muulize: popo gani?"

Alikuwa sahihi, na hilo lilimchanganya Sia. Tapeli alitakiwa ajue kidogo zaidi.

"Mwalimu," alisema, "asubuhi za vipimo ulikuwa unalala wapi?"

"Chiwata. Shambani."

"Na stendi?"

Kikombe cha Mwalimu kilisimama njiani. "Stendi nilikuwa na utaratibu."

"Utaratibu gani?"

"Utaratibu wa kuaminika."

"Ripoti inasema umepima wewe."

"Ripoti ni yangu." Aliweka kikombe chini. "Binti, nimefundisha miaka thelathini na minne. Sijawahi kuulizwa nilikolala."

"Ninahitaji daftari la mwanzo, Mwalimu. Lile lililoandikwa kwa mkono siku ileile."

"La Chiwata nitakupa."

"Na la stendi?"

"Limepotea."

Alisema haraka mno. Mkewe, Mama Faidha, aliyekuwa anakusanya vikombe, alimtazama mumewe, kisha akatazama sinia. Sia aliliona jicho hilo. Aliondoka na daftari la Chiwata mkobani. Kurasa zake zilikuwa chafu kwa udongo mwekundu, tarehe zimepangana, wino umebadilika kila siku chache. Daftari la kweli, kwa jicho lake. Jambo hilo lilifanya lile lililopotea linuke zaidi.

Getini Mama Faidha alimsindikiza hatua chache. Alimtilia mkobani kifurushi cha mihogo mikavu, na bila kuinua uso akasema, "Ukifika Masasi, kanywe chai stendi. Kwa wifi yangu. Kibanda chenye mwarobaini."

*

Josephina Nampoto, ambaye stendi nzima ilimwita Mama Wema, alikuwa akiuza chai na vitumbua kwa wasafiri wa mabasi ya alfajiri kwa miaka kumi na moja. Sia alifika kesho yake saa kumi na moja kasoro, taa ya barabarani ikimwaga mwanga mweupe juu ya mwarobaini mpaka majani yanaonekana moja moja. Alikunywa vikombe viwili kabla ya kusema jina la Mathias.

"Kaka yangu amekutuma?"

"Hapana, mama. Amesema daftari limepotea."

Mama Wema aligeuza kitumbua, akakitazama kinavyoiva. "Limepotea," alirudia. "Basi wewe ni nani, na unalitakia nini?"

Sia akaeleza. Mama Wema alisikiliza kama anayepewa noti asiyoiamini: anaigeuza, anaiangalia kwenye mwanga.

"Halmashauri," alisema mwishowe. "Mwaka jana halmashauri walikuja na tabasamu kama hilo lako, wakaniuliza kibanda kina upana gani. Wiki iliyofuata wakaja kukibomoa. Nimekijenga upya."

"Sikuja kwa ajili ya kibanda."

"Wao pia walisema hivyo."

Hakutoa daftari siku hiyo, wala ya pili. Siku ya tatu Sia alikuja na daftari lake mwenyewe, akaketi kwenye benchi na kuandika dakika shore alipoimba. Mama Wema akaja nyuma yake, akachungulia.

"Umekosea. Huyo ni wa pili. Wa kwanza ameimba juu ya paa la ofisi ya tiketi wakati wewe unatafuta kalamu."

"Umejuaje?"

"Niliandika siku arobaini na moja, nitakosa kujua?"

Ndivyo lilivyomtoka. Alikasirika kidogo kwa kujisikia amesema, kisha akainama chini ya meza na kutoa daftari la shule, jalada limelowa mafuta. Hakumkabidhi. Alilishika mwenyewe, akafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine.

"Kaka aliniambia niandike saa ya simu ndege huyu akianza. Basi. Hakuniambia kwa nini."

"Hakukwambia anatafuta nini? Kwamba taa zinawawahisha?"

"Hata leo sijaambiwa. Ndiyo kwanza wewe unaniambia."

Sia alilisogelea daftari. Katika fomu yake ya mapitio kulikuwa na swali moja ambalo tafiti nyingi zilifeli: mpimaji alijua jibu linalotarajiwa? Anayelijua hulisikia hata lisipokuwapo. Muuza chai huyu hakulijua. Kama daftari lile lilikuwa la kweli, basi lilikuwa bora kuliko ripoti iliyolificha.

Kama lilikuwa la kweli. Alitoa jedwali la Mwalimu na kulinganisha. Siku ya kwanza sawa. Ya pili sawa. Ya tano, daftarini palikuwa na mstari tu, umechorwa kwa rula. Kwenye jedwali: saa kumi na moja na dakika ishirini.

"Mstari huu ni nini, mama?"

"Sikusikia. Kulikuwa na basi moja lina betri mbovu, dereva analiwasha saa kumi na moja kamili lisije likamfia. Likinguruma hapa mbele, ndege hata akiimba sikio halimpati. Huwezi kuandika usichosikia."

Sia alihesabu mistari. Tisa.

Mwalimu alikuwa amejaza mapengo tisa kwa wastani, kama mtu anayepaka rangi juu ya ufa. Kumbe shaka yake ilikuwa na haki. Lakini haikuishia hapo, kwa sababu katikati ya daftari palikuwa na kitu cha ajabu zaidi. Kuanzia siku ya kumi na nane mpaka ya ishirini na tisa shore walikuwa wamechelewa. Wastani wa siku hizo ulikuwa saa kumi na moja na dakika thelathini na sita. Namba hizo zilikuwa kwenye jedwali la Mwalimu pia, lakini aliziruka alipopiga wastani, bila kusema neno.

"Siku hizi kumi na mbili, mama. Kulitokea nini?"

Mama Wema hakuhitaji kufikiri. "Transfoma iliungua. Stendi nzima giza. Nilikuwa nauza chai kwa taa ya kuchaji."

"Ripoti inasema taa ziliwaka kila usiku."

"Ripoti haikuwepo. Mimi nilikuwepo."

*

Sia hakumwamini. Au tuseme alimwamini, kisha akaenda kuhakikisha, kwa sababu ndiyo kazi. Jumanne alikwenda kwa mafundi wa umeme na kuomba tarehe. Fundi alimuuliza mara tatu kama anaandaa malalamiko, na hakuridhika na jibu, lakini alifungua kitabu cha matukio. Siku kumi na mbili, tarehe zilezile.

Halafu akaomba jambo moja zaidi. Kwa asubuhi kumi yeye na Mama Wema wangeandika kila mmoja peke yake, migongo ikiwa imegeukiana, na kinasa sauti kikiwa kimefungwa juu ya mwarobaini.

"Unanipima," alisema Mama Wema.

"Ndiyo, mama."

"Angalau umesema." Akakubali, lakini kwa sharti kwamba kinasa sauti kizimwe ndege akishaimba. "Watu hapa wanazungumza mambo yao. Sitaki iwe kwangu ndiko walikotegwa."

Sia hakuwa amelifikiria hilo, na aliona aibu. Akakipangia kinasa muda: kuanzia saa kumi na moja kasoro robo hadi saa kumi na moja na nusu, ndege akiwa ameshaimba.

Asubuhi nane Mama Wema na kinasa walipishana kwa dakika moja au chini yake. Sia mwenyewe alikosea zaidi. Asubuhi mbili basi liliwashwa mapema. Mama Wema alichora mstari kwa rula. Kwenye kinasa, Sia alipochuja ule mngurumo mzito wa chini, alimkuta shore amefunikwa ndani yake, akiimba kwa sauti nyembamba ya juu. Ndege alikuwepo. Sikio ndilo lililoshindwa. Alikumbuka tafiti ngapi katika mapitio yake zilisema kwamba penye kelele ndege ni wachache, zikiwa zimehesabu kwa masikio. Usiku huo alizifungua upya zote, moja baada ya nyingine, na mbele ya kumi na nne akaweka alama ya kuuliza.

Sasa namba zilikuwa na maana. Taa zikiwaka, shore wa stendi waliwahi kwa nusu saa kuliko wa Chiwata. Taa zikizimika, waliwahi kwa dakika kumi na nne tu. Kwa hiyo mwanga ulibeba sehemu, lakini si yote. Kitu kingine kilikuwa kinawaamsha hata gizani, na Sia alikidhani. Injini za mabasi huwashwa saa kumi na moja na dakika arobaini, kwa pamoja, na honi zake. Kuna tafiti za viwanja vya ndege zilizoonyesha ndege wakianza kuimba kabla kelele haijaanza, ili wasikike. Huenda hawa walikuwa wanafanya vivyo hivyo. Huenda. Stendi ni joto kuliko shamba, ina makombo ya chakula, ina mambo mengi.

Lakini jambo moja lilimtoa Sia shaka kuliko kinasa sauti. Siku zile kumi na mbili zilidhoofisha hoja ya Mwalimu mwenyewe kwamba chanzo ni taa. Mtu anayetunga namba hatungi zinazompinga.

*

Alirudi Newala na kopi ya kurasa zote. Mwalimu Mathias alizitazama bila kuzigusa.

"Kwa hiyo amekuonyesha."

"Mwalimu, kwa nini hukuandika jina lake?"

Mama Faidha alikuwa ameketi pembeni safari hii, hakuondoka.

"Nilipeleka ripoti ya kwanza kwa wahariri wa jarida moja," alisema Mwalimu. "Ilikuwa na jina lake. 'Josephina Nampoto, mfanyabiashara wa chai.' Wakaijibu kwa mstari mmoja. Wakauliza kama tuna mpimaji mwenye sifa. Nikalitoa."

"Na siku tisa?"

"Mapengo yangeonekana uzembe."

"Mapengo ndiyo yaliyoonyesha kwamba hakuwa mzembe."

Mwalimu alifumba macho. Sia aliona maneno yamempata mahali ambapo hakukusudia, na hakujua kama ayarudishe.

"Na giza la siku kumi na mbili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hilo sikulijua. Nilikuwa Chiwata, hakuna umeme kule wa kuniambia umekatika. Niliona wamechelewa, nikasema mvua." Akainua macho. "Ningeuliza. Nilikuwa na jibu tayari, ndiyo maana sikuuliza."

"Nitaandika siku thelathini na mbili tu, na nitaandika mpimaji ni nani. Nitaandika pia kwamba taa zina sehemu yake, lakini hazibebi yote."

"Halmashauri watasema taa hazina neno."

"Nitawaambia zina dakika kumi na sita. Na kwamba zinaweza kufunikwa juu na kupunguzwa mwanga."

"Hawatasikia dakika. Watasikia 'hazibebi yote'." Akasimama. "Wewe ni wa halmashauri, mwanangu. Tangu siku ya kwanza nilijiuliza ni nani aliyekutuma."

Sia alimwambia hakutumwa. Aliona usoni mwake kwamba hakuaminiwa, na kwamba hakuwa na daftari lolote la kumwonyesha kuthibitisha.

*

Dokta Claudia aliuliza maswali kwa siku tatu. Mwishowe walikubaliana: vipimo vya Masasi havitaingia kwenye hesabu kuu, kwa kuwa ni stendi moja na shamba moja, na jedwali la kwanza lilichezewa. Vitaelezwa peke yake kama mfano adimu wa mwanga kuondolewa huku kelele zikibaki, na mapitio yatahimiza wengine wapime pale umeme unapokatika, jambo ambalo huku kwetu halihitaji maombi. Mwalimu Mathias alituma idhini kwa ujumbe mfupi wa simu, bila salamu.

Sia alichapa aya hiyo na kuipeleka stendi. Mama Wema alifuta mikono kwa kanga, akaisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"'Josephina Nampoto, muuza chai,'" alisoma. Akainua uso. "Kwani alfajiri zile nilikuwa nawauzia ndege chai?"

"Hapana, mama."

"Basi futa. Andika mpimaji."

Sia akatoa kalamu, akafuta, akaandika. Mama Wema alingoja mpaka neno likamalizika, akalisoma tena herufi kwa herufi, kisha akaomba karatasi ile ile ibaki kwake, isije ikabadilishwa njiani.